Siku ya Kwanza ya Mwezi

Habari ikimwingia Anitha haikai. Ni kama maziwa jikoni: ukigeuka tu, yameshafurika. Kwa hiyo wifi yake Paskazia aliporudi kliniki na kadi imeandikwa kwamba atajifungua tarehe nane mwezi wa tatu, hata chai ilikuwa haijapoa, kundi la ukoo lilishajua, darasa lake lote la takwimu pale chuoni lilishajua, na mama muuza genge wa Miyuji alishaanza kumwita "shangazi wa Siku ya Wanawake."

Maana ndiyo hiyo tarehe nane yenyewe! Siku ya Wanawake Duniani! Wifi mtu ni fundi cherehani, kila mwaka yeye ndiye anayewashonea akina mama wa mtaa vitenge vya maandamano, halafu leo hii ajifungue siku hiyo hiyo? Anitha alisema Mungu naye ana mipango yake.

Basi siku ikafika. Akina mama wakaandamana na vitenge vyao. Mama mkwe wake, Zipora, ambaye ndiye mama wa Anitha, alikuwa ameshateremka kutoka milima ya Kibakwe na jogoo mmoja, debe la unga wa uwele na mlenda mkavu wa kutosha kijiji. Paskazia akakaa kwenye kiti cha plastiki barazani, tumbo mbele, akapungia maandamano mkono. Jioni akala ugali, akalala. Asubuhi akaamka, akaendelea kushona.

"Bado?" liliuliza kundi la ukoo.

"Bado," Anitha akajibu.

Siku zikaanza kupita, na kila siku "bado" ikawa nzito kidogo kuliko ya jana. Ilipofika Ijumaa, Paskazia alikwenda hospitali kuonana na Dokta Yotham. Akarudi, akavua kandambili mlangoni, akaingia ndani. Anitha alikuwa mezani anapiga hesabu zake za chuo. Akaacha kalamu.

"Wifi? Kasemaje?"

"Jumatatu." Paskazia aliketi taratibu. "Kasema tarehe imeshapita, Jumapili nafikisha wiki nzima zaidi. Kwa mtu mwenye kovu kama mimi hawezi kunianzishia uchungu kwa dawa hivi hivi, anaogopa kovu lisije likafunguka. Na kuendelea kusubiri hataki. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi niende sijala. Wanipasue."

Anitha akasukuma daftari pembeni. Alikuwepo wakati wa mtoto wa kwanza, Daudi, miaka minne iliyopita. Mtoto alikaa vibaya, ametanguliza makalio, ikabidi upasuaji. Hakuna aliyemlaumu daktari. Mama na mtoto walitoka wazima. Lakini baada ya hapo Paskazia alipata usaha kwenye mshono, akakaa wiki saba anatembea amejikunja kama anatafuta sindano iliyodondoka. Hakuweza kukanyaga cherehani. Hakuweza kumbeba mwanawe mwenyewe. Akicheka, anashika tumbo, akikohoa, machozi. Safari hii tangu mwanzo alimwambia daktari: mtoto akikaa vizuri, mimi nataka nijaribu mwenyewe. Daktari akamwambia sawa, kovu lako ni la chini, moja tu, tutajaribu, ila uchungu uje wenyewe na kwa wakati. Mtoto akakaa vizuri, kichwa chini. Kila kitu kikaenda sawa. Uchungu tu ndio ulikataa kuja.

"Nimesali novena mbili," Paskazia alisema. "Nimetembea mpaka Chuo cha Mipango na kurudi. Nimefua mapazia ambayo hayana hata vumbi. Huyu mtoto amegoma."

"Amerithi kwa kaka yangu," Anitha alisema. "Kuamka mpaka aitwe."

Paskazia akacheka kidogo, halafu akalia kidogo, halafu akaomba ndimu.

*

Jumamosi Frida alikuja kutembea. Huyu Frida ni rafiki wa Anitha tangu sekondari, sasa anasomea ukunga, mwaka wa mwisho, na tangu aanze kuvaa ile sare nyeupe anatembea kama anakagua gwaride. Walikaa uani, wakimenya karanga mbichi za kuchemsha ambazo Mama Zipora aliziacha kwenye sinia. Mama mwenyewe alikuwa ndani anamsimulia Daudi habari za fisi.

"Hivi," Anitha aliuliza huku anatafuna, "ile tarehe wanaipataje? Wanaangalia tumbo?"

"Tumbo gani! Ni hesabu. Na wewe unajiita mtu wa takwimu?" Frida akajiweka sawa kwenye ndoo aliyoigeuza kiti. "Unamuuliza mama: hedhi yako ya mwisho kabisa, ile ya kawaida, ilianza lini? Siku ya kwanza ilipoanza. Siyo siku iliyokwisha. Unachukua hiyo tarehe, unajumlisha siku saba, unasogeza mbele miezi tisa. Basi. Ni kama siku mia mbili na themanini, wiki arobaini."

"Sasa kwa nini kuanzia hedhi? Si siku ile mimba haipo bado?"

"Haipo. Inaingia kama wiki mbili baadaye kwa mwanamke ambaye mzunguko wake ni siku ishirini na nane. Lakini nani anaijua siku mimba ilipoingia?"

"Wengine wanaijua."

"Anitha, una adabu kweli wewe? Hedhi ndiyo mtu anaiona kwa macho. Ndiyo maana tunahesabia hapo. Na bado ni makadirio. Watoto wanaozaliwa siku yenyewe ni wa kuhesabu. Wiki mbili kabla, wiki mbili baada, zote ni kawaida; hiyo tarehe nane usingeitangaza kama mnada."

Anitha alikuwa hasikii tena. Kichwa chake kilishaanza kufanya kile anachokilipia ada. Kama mbele ni kujumlisha, nyuma ni kutoa. Tarehe nane, toa siku saba: tarehe moja. Mwezi wa tatu, rudi nyuma miezi tisa: wa pili, wa kwanza, wa kumi na mbili... akahesabu kwa maganda ya karanga, akaangukia mwezi wa sita.

"Tarehe moja mwezi wa sita," akasema.

"Ndiyo hiyo basi siku zake zilianza."

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Kwa sababu ya sweta langu la njano!"

Frida akamwangalia kama mgonjwa mpya.

Anitha alishatoa simu, kidole kinapanda picha moja baada ya nyingine, mwezi wa kumi, wa nane, wa sita. Hii hapa. Sendoff ya binamu yao Anjelina, kule Mlali. Upepo ule wa mwezi wa sita mnaujua, unapita hata kwenye tundu la sindano. Watu wote wamejikunyata. Paskazia yupo katikati, gauni la krimu alilojishonea mwenyewe, na kiunoni amefunga sweta la njano kwa mikono yake, mafundo mawili. Pembeni yake Anitha, mabega wazi, midomo ya bluu, anatabasamu kwa shida.

"Alinivuta nyuma ya turubai," Anitha alinong'ona, "akaniambia, wifi nisitiri, siku zangu zimenivamia sasa hivi na nimevaa krimu. Nikampa sweta. Nikakaa bila sweta mpaka keki inakatwa. Nikaumwa mafua wiki nzima, unakumbuka? Nilikosa hata jaribio la uchumi. Angalia tarehe ya picha."

Frida akasoma. Tarehe kumi na nne mwezi wa sita. Karanga zikabaki mkononi.

"Na baada ya hapo hakuona tena?"

"Mwezi wa saba ndio alianza kutapika akinusa mafuta ya cherehani."

"Kumi na nne jumlisha saba," Frida alisema polepole. "Ishirini na moja. Mwezi wa tatu, tarehe ishirini na moja. Anitha, wifi yako hajapitiliza. Hajafika hata!"

*

Sasa kumpata Paskazia peke yake ilikuwa kazi. Nyumba ya vyumba viwili, mama mkwe ana masikio ya digidigi, na Paskazia ni mtu wa Karagwe aliyelelewa na bibi mkali: mbele ya mama mkwe hainui sauti, halii, na mambo ya mwilini hayataji kabisa. Hata ujauzito wenyewe hakuwahi kuutamka. Alipika tu samaki siku moja, akaikimbia harufu, mama akajua.

Anitha alimfuata bafuni na ndoo ya maji ya moto.

"Wifi, nikuulize kitu, usinipige. Kule kliniki walivyokuuliza tarehe, uliwaambia nini?"

"Tarehe gani?"

"Ya siku zako."

Paskazia akaangalia mlango. Akafungua bomba maji yatiririke yazibe sauti. "Sikuulizwa siku zangu."

"Lazima uliulizwa!"

"Nakwambia sikuulizwa. Niliingia na mama, alikuwa amekuja kutusalimia, na kaka yako Thobias alikuwa safari na lori. Nesi alikuwa na haraka, foleni imefika getini. Akaniuliza, mara ya mwisho kuona mwezi, ni mwezi upi? Nikasema wa sita, nikiwa naangalia chini. Mama amekaa pale pale, magoti yanagusana. Halafu nesi akauliza, siku ya kwanza ya mwezi?" Akasita. "Nikashangaa swali gani hilo. Siku ya kwanza ya mwezi si tarehe moja? Nikamjibu, tarehe moja."

Anitha akakaa chini kwenye sakafu yenye maji.

"Ee Mungu wangu," akasema. "Wifi. Alimaanisha mwezi. Mwezi *wako*."

Maji yakaendelea kutiririka. Paskazia akafunga macho, akayafungua, na uso ukapita rangi zote anazoziuza kwenye vitambaa.

"Yaani nilimwambia tarehe ya kalenda?"

"Ulimpa kalenda ya serikali! Wanakupasua Jumatatu kwa sababu ya tarehe moja ya serikali!"

Hapo wote wawili wakaanza kucheka, kicheko kile cha kuziba mdomo na taulo, cha kuumiza mbavu, mpaka Mama Zipora akagonga mlango. "Nyie watoto, maji yanaisha! Mnaogeshana humo?"

"Hapana mama!" wakajibu pamoja.

Kicheko kilipokatika, Paskazia alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Basi utamwambia daktari wewe," akanong'ona.

"Mimi? Hedhi ni yako."

"Mama ataingia na mimi. Ameshasema, ameshapiga pasi mpaka kilemba. Nitasemaje mambo hayo mbele yake? Na Thobias naye atakuwepo. Siwezi, wifi. Kwa kweli bora nipasuliwe."

"Usirudie tena hilo neno," Anitha alisema, na safari hii hakuwa anacheka. "Wiki saba ulijikunja. Mimi ndiye niliyekuwa nakushika kwenda chooni. Daktari hawezi kuahirisha kwa sababu mimi wifi mtu nimesema. Atataka kusikia kwako."

Paskazia alifunga bomba.

*

Jumatatu asubuhi walijipakia kwenye pikapu ya jirani, Thobias akiendesha. Mpango wa Anitha ulikuwa mzuri sana. Wakifika atamwambia mama twende tukanunue maji ya kunywa, atamzungusha mpaka dukani, wakirudi mambo yameshazungumzwa. Alikuwa ameupanga tangu Jumamosi.

"Mama, twende tukanunue maji," alisema walipofika.

"Nimebeba," Mama Zipora akasema, akitoa dumu la lita tano chini ya kitenge.

"Basi vocha."

"Nani anakupigia simu saa hizi?"

"Mama, huku nyuma kuna mti wa..."

"Anitha. Kaa."

Akakaa.

Wakaitwa. Wakaingia wote wanne kwenye chumba chenye viti viwili. Dokta Yotham ni kijana mrefu wa Kigogo, mpole, mwenye sauti ya mtu anayezungumza kanisani. Alimsalimia mama kwanza, "Mbukwenyi," wakasalimiana kwa Kigogo, wakaulizana mvua na mazao ya Kibakwe. Kisha akafungua faili.

"Haya mama Daudi. Hujala kitu? Vizuri. Uchungu wowote?"

"Hapana, dokta."

"Mtoto anacheza?"

"Sana."

"Basi tutakwenda kama tulivyokubaliana. Nitakupa karatasi ya kusaini, wewe na baba."

Kalamu ikawekwa mezani. Anitha alimwangalia Paskazia. Paskazia aliiangalia kalamu. Thobias akaichukua, kwa kuwa ni mwanaume mtiifu kwa karatasi yoyote.

Anitha akamkanyaga wifi yake mguu.

"Dokta," Paskazia alisema. Sauti ilitoka ndogo kama uzi. "Tarehe... ile tarehe yangu siyo."

"Siyo vipi?"

Feni inazunguka. Mama Zipora anatazama mbele, kilemba kimenyooka. Paskazia alikuwa amekunja shingo kama kuku anayesubiri mvua ipite.

"Niliulizwa siku ya kwanza ya mwezi," akasema. "Nikajibu siku ya kwanza ya mwezi. Kumbe nilikuwa naulizwa siku ya kwanza ya..." Akaangalia dari. Akaangalia kalamu mkononi mwa mumewe, imeshagusa karatasi. Ndipo ikatoka yote kwa pumzi moja, na kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni nje: "Ya hedhi! Hedhi yangu ilianza tarehe kumi na nne mwezi wa sita, Jumamosi, kwenye sendoff Mlali, nikiwa na gauni la krimu!"

Thobias akadondosha kalamu.

Mama Zipora akageuka polepole. Akamtazama mkwewe kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Kumbe ndiyo maana," akasema, "ulicheza kwaito na sweta kiunoni."

Na akacheka! Mama mkwe alicheka mpaka kilemba kikateleza, akakishika, akacheka tena. "Mwanangu, mimi nimezaa saba. Nimezalisha mbuzi, nimezalisha ng'ombe, nimemzalisha dada yangu shambani. Unanificha hedhi mimi? Unadhani hawa akina Thobias niliwaokota? Siku ile kliniki mimi mwenyewe nilishangaa. Nikajiuliza, huyu binti ana bahati gani mwezi wake unaanza tarehe moja kama mshahara. Lakini nikasema, aa, mkwe wangu ana aibu, nikiuliza atazimia."

"Mama, ungesema!" Anitha alipiga kelele.

"Na wewe, unayesema kila kitu, hilo la sweta ulilisema wapi?"

Anitha akaficha simu nyuma ya mgongo.

Dokta Yotham alikuwa hacheki, au alikuwa anacheka ndani ndani. Alirudisha karatasi kwenye droo nusu, akaiacha pale, nusu ndani nusu nje. "Ngoja kwanza," akasema. "Una uhakika na siku hiyo?"

Anitha akanyoosha simu. Daktari akaangalia picha kwa muda, akaangalia tarehe, akairudisha.

"Mzunguko wako huwa unakwenda sawa?"

"Unakwenda sawa, dokta. Siku ishirini na nane, mara nyingine ishirini na tisa."

"Ulikuwa unatumia sindano au vidonge vya uzazi wa mpango?"

"Niliacha vidonge mwaka mzima kabla."

"Na ile damu ya Mlali ilikuwa ya kawaida? Siyo matone tu?"

Paskazia akamwangalia mama mkwe. Mama mkwe akamkonyeza. "Ilikuwa ya kawaida," akasema Paskazia, kichwa juu. "Siku nne kamili."

Daktari akavuta kiduara chake cha karatasi ngumu, kile chenye miezi pembeni, akakizungusha mshale ukakaa kumi na nne ya mwezi wa sita. "Ishirini na moja mwezi wa tatu," akasoma. Akafungua kurasa za nyuma za faili. "Utrasaundi yako ya mimba ya miezi minane ilisema tarehe ishirini na tano. Sikuitilia maanani, kwa sababu kipimo cha miezi ya mwisho kinaweza kukosea hata wiki tatu. Mtoto mmoja mkubwa, mwingine mdogo. Wewe ulikuwa na tarehe ya uhakika kwenye kadi, nikaishika kadi. Ungekuja kupimwa miezi mitatu ya mwanzo tungejua mapema." Akampandisha kitandani, akapima tumbo kwa utepe, akasikiliza mapigo ya mtoto kwa muda mrefu. Hata feni ilionekana kupunguza mwendo.

"Inakubaliana," akasema. "Leo una wiki thelathini na tisa na siku mbili. Hujapitiliza. Mtoto yuko vizuri, kichwa kimeshaanza kushuka. Kama bado unataka kusubiri uchungu wako mwenyewe, nakuruhusu."

"Nataka," alisema Paskazia kabla hajamaliza.

"Nisikilize kwanza. Jumatatu ijayo uje nikuone. Mwisho wetu ni tarehe ishirini na nane, hapo ni upasuaji, sitazungumza tena. Usiende mbali na hospitali. Maji yakivunjika, ukiona damu, mtoto akipunguza kucheza, au ukisikia maumivu kwenye kovu, unakuja saa hiyo hiyo, usisubiri mtu. Na uchungu ukianza, siyo kukaa nyumbani kupima ujasiri. Utazalia hapa, tukikuangalia."

"Nitakuja mbio."

"Usije mbio. Uje kwa gari."

Karatasi ikaingia kwenye droo yote. Droo ikafungwa.

Nje Thobias alinunua chapati nne na maharage kwa sababu mkewe alikuwa hajala tangu jana, na Paskazia alizila zote nne, amesimama. Mama Zipora alimshikia chai. "Kula," akamwambia. "Na kuanzia leo ukiwa na jambo la kike unaniambia. Nikikosa mimi, mwambie huyo wifi yako mwenye redio."

Mwenye redio alikuwa ameshatoa simu. Kundi la ukoo lilikuwa na ujumbe sitini na mbili. Ameshapasuliwa? Kidume au kike? Mbona kimya? Kidole cha Anitha kikaanza kumwasha.

"Anitha," alisema Thobias.

"Nilitaka tu kuwaambia tarehe mp..."

"Hakuna tarehe. Waambie anapumua."

Akaandika: *Anapumua*. Kundi likalipuka kwa hofu, na ikamchukua asubuhi nzima kulizima.

*

Haikufika tarehe ishirini na moja. Alhamisi, jua la saa nne, Paskazia alikuwa anapinda sketi ya shule ya mtoto wa jirani. Akasimamisha mguu kwenye cherehani. Akaendelea. Akasimamisha tena.

"Mama," akaita, na hakuona aibu yoyote. "Mgongo unakaza, unaachia. Mara ya nne sasa."

Mama Zipora alikuja anapangusa unga mikononi. Akaweka kiganja tumboni, akasubiri, akalisikia linakakamaa chini ya mkono wake kama ngoma inayokazwa kwenye moto. "Ndiyo wenyewe," akasema. "Anitha! Mwite kaka yako. Na usimwite mtu mwingine!"

Hospitali walimpokea, wakamfunga kipimo cha kusikiliza moyo wa mtoto, Dokta Yotham akawa anapita kila mara kuuliza habari za kovu. Frida, kwa bahati, alikuwa zamu ya mafunzo wodi hiyo hiyo. Alitoka mara mbili kuwaambia njia inafunguka vizuri, na mara ya tatu hakutoka muda mrefu, na Mama Zipora akaanza kuimba kwa Kigogo chini ya pumzi, na Thobias akahesabu vigae vya ukuta mpaka akavichanganya.

Halafu wakasikia. Sauti nyembamba, ya hasira, ya mtu aliyeamshwa.

Frida akatokea mlangoni, sare imelowa jasho, gwaride lote limemwisha. "Msichana," akasema. "Kilo tatu na robo. Hajapasuliwa. Amesukuma mwenyewe, na ametukana kwa lugha ya kwao Karagwe."

Thobias alikaa sakafuni. Mama Zipora akapiga vigelegele mpaka nesi akaja kumnyamazisha, akamkuta na yeye nesi anacheka. Anitha alisimama katikati ya korido, simu mkononi, mdomo wazi, habari imemjaa mpaka kwenye macho. Kwa mara ya kwanza hakujua aianzie wapi.

Usiku daktari alimwacha Paskazia wodini kumwangalia. Asubuhi Anitha alipoingia na chupa ya uji, alikuta kitanda kitupu. Akageuka, na huyo hapo Paskazia anakuja kwenye korido kutoka kuoga, polepole lakini amenyooka, mgongo umesimama wima kama mtu anayebeba ndoo kichwani, mtoto amemkumbatia kifuani.

Mama Zipora alikuwa nyuma yake, mikono mbele, tayari kudaka. "Nipe huyo mtoto, utaanguka! Nipe!"

"Mama, niache," alisema Paskazia. "Niache nitembee nikafike mpaka mwisho, nirudi."

Na akaenda mpaka mwisho.